Kusoma Lebo ya Kiyoyozi Kabla ya Kununua: Msimu wa Nani Umehesabiwa?



Mwaka huu alitujia ofisini mama mmoja akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni lebo aliyoibandua kwenye kiyoyozi chake kipya, na pamoja nayo alileta risiti za tokeni za miezi miwili. Alikaa, akaikunjua karatasi juu ya meza, akaweka kidole mahali palipoandikwa 201. «Wanangu,» akasema, «karatasi hii inasema mashine hii itakula yuniti 201 kwa mwaka. Mimi nimezimaliza kabla ya mwezi wa pili kwisha. Ama duka limenidanganya, ama mita yangu ni mbovu. Niambieni ni lipi.»

Tuliichunguza lebo, tukapitia risiti, tukapiga hesabu. Duka halikudanganya na mita haikuwa na kasoro. Lebo yenyewe ilikuwa ya kweli pia. Kosa lilikuwa jingine, na kwa kuwa tunaliona likirudiwa na wanunuzi wengi, tumeamua mazungumzo yetu ya leo yawe juu ya jambo hilo moja: tarakimu iliyo kwenye lebo ya kiyoyozi imehesabiwa kwa msimu fulani, na msimu huo huenda si wako.

Tuanze na maana ya tarakimu yenyewe. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto lililo chumbani na kulitupa nje, na umeme unaotumika ni wa kulihamisha joto hilo. Ndiyo sababu mashine inayokula wati 1,090 inaweza kuondoa joto la wati 3,500. Ukigawa 3,500 kwa 1,090 unapata 3.2 hivi, na kigawo hicho ndicho kinachoandikwa EER. Ni kipimo cha ufanisi wakati mashine inafanya kazi kwa nguvu yake yote, huku nje kukiwa na joto la nyuzi 35. Hesabu hii kila mmoja wenu anaweza kuipiga akiwa dukani. Nyuma au ubavuni mwa mashine pana kibandiko cha mtengenezaji chenye uwezo wa kupoza na umeme unaotumika, vyote kwa wati. Angalieni tu msichukue ile tarakimu kubwa ya umeme wa juu kabisa, kwani hiyo imewekwa kwa ajili ya fundi anayechagua waya na swichi. Tumieni ile ya kawaida, inayoandikwa sambamba na uwezo wa kawaida wa kupoza.

Lakini hakuna kiyoyozi kinachofanya kazi mwaka mzima katika joto la nyuzi 35. Kuna saa za usiku, kuna siku za mvua, kuna Julai. Kwa hiyo wataalamu wakabuni kipimo cha pili, kipimo cha ufanisi wa msimu. Hapa mashine hupimwa katika hali kadhaa za joto la nje, kisha matokeo huunganishwa kwa kadiri ya saa ambazo kila hali hutokea katika msimu. Jumla ya joto lililoondolewa katika msimu wote hugawanywa kwa jumla ya umeme uliotumika. Ulaya na Marekani hukiita SEER, India hukiita ISEER, na katika kanuni ya kimataifa ya ISO 16358 kinaitwa CSPF. Majina ni mengi, wazo ni moja.

Kipimo hiki ni bora kuliko cha kwanza, hasa kwa viyoyozi vya inveta. Kiyoyozi cha kasi moja hujua mambo mawili tu, kuwaka kwa nguvu zote na kuzimika. Cha inveta hupunguza mwendo wa kompresa yake chumba kinapokaribia kupoa, na katika mwendo huo wa polepole ndipo ufanisi wake hupanda sana. EER peke yake haiwezi kuuonyesha ubora huo, kwa sababu inapima mwendo wa juu tu. Mashine mbili, moja ya inveta na moja ya kasi moja, zinaweza kuwa na EER ya 3.2 zote mbili, kisha kipimo cha msimu kikazitenganisha mbali.

Hata hivyo, mara tu tunapotaja msimu, hatuna budi kuuliza: msimu wa wapi?

Lebo ya yule mama ilikuwa ya Umoja wa Ulaya. Mtaitambua kwa mishale ya rangi inayoanzia kijani kibichi cha A+++ hadi nyekundu ya D. Upande mmoja ni wa kupoza, nao una SEER, uwezo kwa kW, na matumizi yaliyoandikwa kWh/annum. Upande wa pili ni wa kupasha joto, una tarakimu iitwayo SCOP, na chini yake pana ramani ya Ulaya yenye rangi tatu. Sisi wa pwani hatuna kazi na upande huo wa pili, wala hatupaswi kukubali muuzaji atuonyeshe herufi yake badala ya herufi ya kupoza. Lebo ya mama ilisema hivi: uwezo wa kupoza 3.5 kW, ambao ni sawa na kile tukiitacho kiyoyozi cha BTU 12,000, SEER 6.1, daraja A++, na 201 kWh/annum.

Hiyo 201 ilitoka wapi? Kanuni ya Ulaya inachukulia kwamba kiyoyozi cha nyumbani hufanya kazi ya kupoza inayolingana na saa 350 za nguvu kamili kwa mwaka. Saa 350 ukizizidisha kwa 3.5 unapata 1,225, na ukigawa kwa 6.1 unapata 201. Hakuna siri nyingine. Kwa mtu anayewasha kiyoyozi katika wiki chache za kiangazi, hesabu hiyo inafaa. Tulimwuliza mama huyu huwasha lini. Akasema huwasha saa mbili usiku na kukizima saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, kwa sababu mumewe ana ugonjwa wa moyo na daktari amemkataza kulala kwenye joto kali. Hizo ni saa 10 kila usiku. Mashine haifanyi kazi kwa nguvu zote muda wote huo, kwa hiyo tulikadiria wastani wa asilimia 60, yaani sawa na saa 6 za nguvu kamili. Saa 350 ukizigawa kwa 6 unapata usiku 58. Kwa maneno mengine, mwaka mzima wa lebo ile uliisha nyumbani kwake chini ya miezi miwili.

Na bado hesabu haikutosha, kwani yuniti 201 zilikwisha kwa siku 43 hivi, si 58. Risiti zake zilionyesha ongezeko la yuniti 140 kwa mwezi. Pengo hilo linatokana na sehemu ya pili ya msimu wa Ulaya, nayo ni joto lenyewe. Katika kipimo chao mashine hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35, 30, 25 na 20. Kwenye nyuzi 35 inatakiwa kutoa uwezo wake wote. Kwenye 25 inatakiwa kutoa asilimia 47 tu. Na kwenye 20, asilimia 21. Saa nyingi za msimu wao zimo katika joto hilo la chini, ambamo inveta hutembea polepole na kutumia umeme kidogo mno. Hapa Mombasa, usiku wa Machi nje huwa na nyuzi 25 hivi, na kuta za nyumba bado zinatoa joto zilizolihifadhi mchana. Mashine ile ile haipati nafasi ya kutembea polepole kiasi hicho. Tukirudi nyuma kutoka kwenye mita ya mama, saa 6 za nguvu kamili kwa 3.5 kW ni kazi ya kupoza ya kilowati-saa 21 kwa usiku, nayo ilitumia umeme wa yuniti 4.7 hivi. Ufanisi wake halisi ulikuwa kama 4.5, wala si 6.1.

Tunasisitiza kuwa 4.5 si kipimo cha maabara. Imesimama juu ya makadirio yetu ya asilimia 60, na nyumba nyingine ingetoa jibu tofauti. Lakini inatuonyesha kwamba SEER ya Ulaya ikifika pwani hupungua, na kwamba hata ikipungua hubaki juu ya 3.2 ya mashine ya kasi moja.

Sasa mtauliza kama lebo basi haina faida. Inayo, mradi itumike kwa kazi yake, ambayo ni kulinganisha mashine kwa mashine. Ikiwa viyoyozi viwili vyote vina lebo ya Ulaya na vyote ni vya 3.5 kW, chenye SEER 7 kitakushinda kile cha 6.1, hapa kama kule, hata kama hakuna hata kimoja kitakachofikia tarakimu yake. Taabu huanza pale mnunuzi anapolinganisha lebo za nchi mbili, na katika maduka yetu hilo ni jambo la kila siku. Bidhaa moja imetoka Ulaya, nyingine imetengenezwa kwa soko la India, na ya tatu imeletwa na ndugu anayerudi kutoka Ghuba.

Chukueni India. ISEER yao huhesabiwa kwa msimu wa saa 1,600, wenye joto la nje kuanzia nyuzi 24 hadi 43. Msimu huo ni mkali kuliko wa Ulaya, kwa hiyo mashine ile ile ikipimwa huko hupata tarakimu ndogo zaidi. Mnunuzi akiona ISEER 5 upande huu na SEER 6.1 upande ule, asiharakishe kusema ya pili ni bora. Huenda ile ya 5 ndiyo bora. Tena, msimu usio na saa za nyuzi 20 unafanana na wetu kuliko wa Ulaya, ingawa sisi hatuna zile 43.

Ghuba inaleta mtego wa namna nyingine. Lebo ya Saudi Arabia huandika EER kwa BTU kwa wati, na Marekani nao huandika SEER yao kwa kipimo hicho. Hapo mnaweza kuona 11.8 na kudhani mmeokota dhahabu. Gawanyeni kwa 3.412 mpate kipimo cha wati kwa wati: 11.8 inakuwa 3.46 tu. Ni mashine nzuri ya wastani kwa nguvu kamili, si muujiza. Kanuni ya haraka ni hii: EER ikizidi 8, karibu kila mara imeandikwa kwa BTU, kwa hiyo igaweni kwanza. Kwa SEER msikisie kwa ukubwa wa tarakimu, maana SEER ya Ulaya inaweza kwa haki kabisa kupita 8. Tazameni lebo ni ya nchi gani. Na kwa kuwa tumeigusa Saudi Arabia, tuongeze jambo moja lisilo la ufanisi bali la usalama wa mali yenu: umeme wa Saudi Arabia ni wa 60 Hz, wa kwetu ni wa 50 Hz. Kabla ndugu yenu hajalipia mizigo, mwambieni asome kibandiko cha mashine. Kama hakuna 50 Hz, aiache huko huko.

Lebo ya Kenya yenyewe ni rahisi kuisoma. Ina nyota, na nyota zikizidi, hadi tano, ufanisi umezidi. Kanuni za mwaka 2016 zinataka kiyoyozi cha aina zinazodhibitiwa kisajiliwe na kiwe na lebo kabla ya kuuzwa. Dukani, anzeni na nyota, kwa sababu hizo zote zimepimwa kwa rula moja. Ila kumbukeni mambo mawili. Kwanza, nyota ni daraja pana, na mashine mbili za nyota tatu zinaweza kupishana, moja ikiwa karibu na nne na nyingine ikiwa imeponea chupuchupu kushuka mbili. Hapo ndipo mtasoma tarakimu. Pili, nyota ni za uwiano, hazijui ukubwa wa chumba chenu. Kiyoyozi cha BTU 24,000 chenye nyota tano kinaweza kula zaidi ya cha BTU 12,000 chenye nyota tatu. Linganisheni vya ukubwa mmoja, na ukubwa huo uamuliwe na chumba.

Tazameni pia kama namba ya modeli iliyo kwenye lebo ndiyo iliyo kwenye mashine. Kiyoyozi cha ukutani ni masanduku mawili, la ndani na la nje, nayo hupimwa yakiwa jozi. Kompresa, ambayo ndiyo inayokula umeme mwingi, imo katika sanduku la nje. Tumepata kuona sanduku la ndani lenye lebo nzuri likiuzwa pamoja na sanduku la nje la modeli nyingine. Lebo hapo haina maana yoyote. Someni vibandiko vyote viwili, na lebo iwataje wote wawili au modeli ya jozi yao. Neno «inveta» lililochorwa kwenye boksi, bila lebo, si kipimo.

Turudi kwa pesa, maana mama yule hakuja kwetu kwa ajili ya sayansi. Baada ya kuelewa, aliuliza swali ambalo tungependa kila mnunuzi aliulize: «Basi nilikosea kununua hiki cha bei kubwa?» Dukani kilikuwapo kingine cha BTU 12,000, cha kasi moja, EER 3.2, kilichopungua bei kwa shilingi 14,000. Tukapiga hesabu pamoja naye. Kazi ya usiku mmoja ni kilowati-saa 21. Cha kasi moja kingetumia 21 kugawa kwa 3.2, yaani yuniti 6.6. Chake kinatumia 4.7. Tofauti ni yuniti 1.9 kila usiku. Yeye hukiwasha kama usiku 300 kwa mwaka, kwa hiyo ni yuniti 570. Alituonyesha kwenye risiti kwamba kila yuniti, pamoja na kodi na tozo, ilimgharimu shilingi 28 hivi, na hizo ni shilingi 15,960 kwa mwaka. Zile 14,000 alizoongeza zilikuwa zinarudi kabla ya mwaka kwisha. Laiti angeliiamini 6.1 ya lebo, angelidhani faida ni kubwa zaidi ya hapo. Hata hivyo, kwa hesabu hii ya chini, hakukosea.

Angalieni kwamba hesabu hiyo haikutumia 201 hata mara moja. Ilihitaji saa zake, uwezo wa mashine, ufanisi uliopunguzwa kwa busara, na bei ya yuniti kutoka kwenye risiti yake. Msiokuwa na mita ya kurudi nyuma kama yeye, chukueni SEER ya Ulaya mkate robo yake. Hilo ni pendekezo letu la tahadhari, si sheria. Kwa mashine ya kasi moja chukueni EER kama ilivyo.

Mama huyo aliirudisha lebo yake kwenye mkoba, kisha akatueleza kuwa ana chumba cha pili cha wageni, ambacho wanawe hulala wanapokuja likizo, pengine usiku 40 kwa mwaka. Akataka kujua kama nacho akitilie inveta. Yuniti 1.9 mara 40 ni 76, nazo ni shilingi 2,128 kwa mwaka. Shilingi 14,000 za nyongeza zingechukua zaidi ya miaka sita kurudi. Tulimwambia kwamba kwa chumba hicho, cha kasi moja chenye lebo na nyota zake halali kinamtosha, na hizo 14,000 zikanunue pazia zito la dirisha linaloelekea magharibi.